Biodizeli ya Kisumu inapoganda Molo: mwongozo kamili wa kupima, kuchanganya na kutumia dawa ya nta

Simu zinazoniamsha alfajiri hutoka sehemu zile zile: Molo, Mau Summit, Timboroa. Hadithi nayo ni ile ile. Trekta ilizimwa jioni ikiwa nzima. Asubuhi inashika, inanguruma dakika mbili tatu, inapungukiwa nguvu, inazima. Filta ikifunguliwa inakutwa imejaa kitu cheupe kizito, mithili ya mafuta mgando yaliyolala nje usiku. Mwenyewe ananunua filta mpya, anafunga, na kesho yake yanakuwa yale yale.

Mafuta yenyewe mara nyingi ni dizeli iliyochanganywa na biodizeli iliyopikwa kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na samaki. Najua kwa sababu mengine nimeyapika mimi, Kisumu, kwa ajili ya matrekta ya kikundi chetu cha wakulima. Kisumu yanang'aa kama chai ya rangi. Yakipanda mlima yanageuka.

Huu hapa utaratibu ninaoufuata sasa. Kama trekta imekwama hapo ulipo, ruka hadi Hatua ya 8, kisha urudi mwanzo ili usikwame tena kesho.

## Vifaa

- Chupa nne za kioo kisicho na rangi, zile za jemu, zenye vifuniko, pamoja na moja kubwa inayoweza kuimeza ndogo.
- Kipimajoto cha maabara au cha jikoni kinachosoma kuanzia nyuzi 0 za sentigredi. Cha kupimia homa hakifai, kwa kuwa kinaanzia nyuzi 30 na kitu.
- Beseni, barafu na chumvi.
- Tochi.
- Chupa ya kunyonyeshea yenye alama za mililita. Ikishaguswa na dizeli isimrudie mtoto.
- Dizeli ya kituo, lita 5 za majaribio.
- Karatasi za kuchujia kahawa na funeli.
- Dawa ya kuzuia nta, yenye lebo inayosema wazi kuwa ni ya dizeli na kwamba inakubali biodizeli.
- Filta mbili mpya za injini yako.
- Glavu, na mahali penye hewa, pasipo jiko wala sigara.

## Kinachoganda ni nini hasa

Dizeli ni mkusanyiko wa minyororo ya kaboni. Mingine ina matawi na mikunjo, mingine imenyooka kama fito. Hizo zilizonyooka ndizo nta. Kukiwa na joto huwa zimeyeyuka ndani ya mafuta kama sukari ndani ya chai. Joto likishuka, zilizo ndefu hutangulia kulala ubavu kwa ubavu na kutengeneza vigae vyembamba, bapa. Vigae vikishikana hujenga kimia kinachoyafungia ndani mafuta ambayo bado ni majimaji. Ndiyo maana haihitajiki nta nyingi: asilimia 2 tu ikijitenga inaweza kuyafanya mafuta yote yaonekane yameganda.

Biodizeli huganda kwa njia hiyo hiyo, ila fito zake zinatoka kwenye mafuta ya kula, na hapa ndipo penye shida yetu. Mafuta mengi ya kukaangia Kenya ni ya mawese. Asidi kubwa ndani ya mawese ni ya palmitiki, na ikishapikwa kuwa biodizeli, ile sehemu yake peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 30 hivi. Ilinganishe na sehemu inayotokana na asidi ya oleiki, iliyo nyingi kwenye mafuta ya rapa na ya zeituni: hiyo hubaki majimaji hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo biodizeli ya mawese huanza kuonyesha weupe kwenye nyuzi 13 au zaidi, na kama muuza chipsi alichanganya na mafuta ya ng'ombe, mapema kuliko hapo.

Sasa tazama ramani. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na usiku wake kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 17 au 18 tu. Molo iko karibu mita 2,500, Timboroa imepita 2,700. Mafuta yale yale, barabara ya saa chache, na tayari umevuka mstari.

Kuna viwango vitatu vya joto ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni kiwango cha ukungu, pale chembe za kwanza zinapoonekana. Cha pili ni pale filta inapoziba, na mara nyingi kiko chini kidogo ya kile cha kwanza. Cha tatu ni pale mafuta yanapogoma kumiminika. Wengi wanaogopa cha tatu, lakini trekta huzimwa na cha pili, wakati mafuta ya tangini bado yanachezacheza.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni nta

Asubuhi, kabla jua halijapanda, fungua filta na umimine vilivyomo kwenye chupa ya kioo. Iweke chupa hiyo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, ya nyuzi 40 hivi, yale ambayo mkono unayavumilia. Subiri robo saa.

Weupe ukitoweka na mafuta yakawa angavu, ni nta. Yakibaki matone yanayotembea chini kama zebaki, ni maji. Ukibaki utelezi wa kahawia au mweusi unaonuka, hao ni vijidudu wanaoishi pale maji yanapokutana na mafuta. Tangi lako linataka kusafishwa, na mwongozo huu hautakusaidia.

Kuna hali ya nne inayowapotosha hata mafundi: unga mweupe unaogoma kuyeyuka kwenye nyuzi 40. Hiyo ni mabaki ya mafuta ambayo hayakuiva vizuri wakati wa kupika biodizeli. Tutakutana nayo Hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Pima baridi ya tangi, si ya redio

Funga kipimajoto kwenye bomba la mafuta karibu na filta, ukisome saa kumi na moja alfajiri, siku saba mfululizo. Chukua namba ya chini kabisa.

Sababu ya kupima hapo ni kwamba tangi lililojaa hupoa polepole, lakini bomba na filta vina mafuta kidogo na chuma kingi, hivyo hupoa kwanza. Usiku usio na mawingu, chuma kilicho wazi chini ya anga hupoteza joto hadi kikawa baridi kuliko hewa iliyokizunguka. Umande mweupe ulioganda juu ya boneti wakati kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 3 hauna uchawi wowote.

Kwa hiyo usitegemee Julai peke yake. Julai kuna mawingu, na mawingu ni blanketi. Januari anga ni wazi, na wengi walionipigia simu walikwama Januari wakiwa na uhakika kwamba "msimu wa baridi umepita." Kuiegesha trekta chini ya mabati, hata bila kuta, hukuongezea nyuzi moja au mbili bila kulipa senti.

## Hatua ya 3: Tafuta kiwango cha ukungu

Mimina mililita 100 za mafuta kwenye chupa ndogo. Yapashe kwanza hadi nyuzi 40 kwa maji ya moto, ili nta yoyote iliyokwisha kujipanga ivunjike. Ukiruka hapa utapata namba ya uongo. Kama yakiwa na joto bado hayako angavu, yana maji. Yaache yatulie siku moja, chukua ya juu.

Ingiza chupa ndogo ndani ya kubwa, kisha uweke yote kwenye beseni la barafu na chumvi. Hewa iliyo katikati ya chupa hizo mbili ndiyo inayopunguza mwendo. Mafuta yakipoa ghafla, kipimajoto kinakuwa nyuma ya kinachotendeka ukutani mwa kioo, na utaandika namba isiyo yake.

Kila kipimajoto kinaposhuka nyuzi moja, inua chupa haraka, mulika tochi kwa ubavu, tazama sakafuni mwa chupa, urudishe. Usikoroge. Ukungu huanzia chini kabisa, kama pumzi juu ya kioo. Pale unapouona kwa mara ya kwanza, andika. Pasha tena, rudia. Namba mbili zikipishana nyuzi moja, umefanya vizuri. Zikipishana tatu, ulikuwa na haraka.

Fanya hivi kwa dizeli ya kituo peke yake, na kwa biodizeli peke yake. Zangu za mara ya mwisho zilitoka hivi: dizeli, nyuzi 1, biodizeli, nyuzi 13. Zako zitakuwa tofauti, maana hata muuza chipsi yule yule hubadilisha mafuta bei ikipanda.

## Hatua ya 4: Chagua uwiano

Hapa ndipo nilipomkosea mzee mmoja wa Molo, mkulima wa viazi. Nilimpelekea B50, yaani nusu biodizeli na nusu dizeli, kwa sababu ilikuwa imefanya kazi Kisumu mwaka mzima. Siku ya tatu alinipigia: "Fundi, mafuta yako yamekuwa siagi." Nilimwambia hilo haliwezekani. Nikapanda matatu kwenda kuliona lisilowezekana.

Filta yake ilikuwa imefungwa kabisa. Kwenye tangi la lita 50 kulikuwa na lita 20 zilizobaki, zenye rangi ya maziwa. Kipimajoto kilisoma nyuzi 6.

Nilirudi mezani na chupa, nikajaribu michanganyiko kwa mililita. B50 ilianza ukungu kwenye nyuzi 8. B20 kwenye 4. B10 kwenye 2. Angalia kwamba namba zinafuata kiasi cha biodizeli karibu hatua kwa hatua: hakuna uwiano wa ajabu unaoruka nje ya mstari huo. Unachofanya ni kuziongezea fito ndefu nafasi ya kuelea mbali mbali, ili zikutane kwa shida.

Kanuni yangu ni kwamba kiwango cha ukungu kiwe chini ya alfajiri ya baridi zaidi kwa nyuzi 2 angalau. Kwa alfajiri ya nyuzi 6, B20 ilipita kwa kuponea chupuchupu, B10 ilipita kwa raha.

Hesabu ya tangi lake ilikuwa hivi. Lita 20 za B50 zina lita 10 za biodizeli. Tukiongeza lita 30 za dizeli, tangi linajaa 50, na biodizeli ni 10 kati ya 50: hiyo ni B20. Ili kupata B10 katika tangi lile lile, ilibidi kwanza tutoe lita 10. Zinabaki lita 10 zenye biodizeli lita 5. Ongeza dizeli lita 40, unapata 5 kati ya 50. Tulitoa. Zile lita 10 zilizotolewa hazikumwagwa, nilizirudisha Kisumu, zikafanya kazi vizuri tu kwenye pampu ya kunyunyizia sukuma.

Injini mpya zenye injekta za umeme ni habari nyingine: soma kitabu chake kabla ya kuzidisha kiwango alichoruhusu mtengenezaji, hata kama kioo chako kinasema sawa.

### Na mafuta ya taa je?

Swali hili halikosi. Katika nchi zenye theluji, dizeli ya majira ya baridi huchanganywa na mafuta mepesi ya jamii ya taa, kwa sababu fito zake ni fupi na hazigandi mapema. Kisayansi ni sahihi. Kila asilimia 10 hushusha kiwango cha ukungu kwa nyuzi moja hadi mbili.

Kwetu usifanye. Kuchanganya taa na dizeli ni kosa la kuchakachua mafuta. Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, hupima, na mafuta ya taa huwekwa kiashiria ambacho mashine yao hukiona hata kikiwa kidogo. Ile tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa mwaka 2018 juu ya mafuta ya taa ililetwa kwa ajili ya mchezo huu. Zaidi ya sheria, taa hulainisha kidogo kuliko dizeli, na pampu ya injekta hutegemea mafuta hayo hayo kama grisi yake. Wenzetu wa theluji huongeza dawa ya ulainishaji. Wewe utaongeza bili ya pampu.

Petroli ni mbaya zaidi. Inayafanya mafuta ya tangini yatoe mvuke unaowaka kwa cheche kwenye joto la kawaida. Nilishamwona mtu akiimimina huku injini ikiwa moto. Niliondoka pale.

## Hatua ya 5: Ulaze mchanganyiko usiku mmoja

Kioo cha Hatua ya 3 kinaona nta inayojipanga haraka. Hakioni ile inayojipanga polepole. Biodizeli isiyoiva vizuri hubaki na kitu cha katikati, mafuta yaliyovuliwa mikono miwili kati ya mitatu, na hicho huchukua saa nyingi kushuka, tena hata kabla ya kiwango cha ukungu. Kikishashuka, hakirudi kwa urahisi.

Chukua mchanganyiko uliouchagua, mililita 200, funga chupa, itie kwenye mfuko wa plastiki, iweke ndani ya friji kwa saa 16. Friji nyingi huwa kwenye nyuzi 4 hivi. Kama huna friji na uko Molo, iache nje usiku kucha. Kisha itoe, uiache ndani ya nyumba hadi ifike nyuzi 20, bila kuipasha.

Ikirudi kuwa angavu, mafuta yako yamefaulu. Ikibaki na vumbi jeupe sakafuni, usiyatie kwenye tangi lolote, hata la Kisumu. Tatizo liko kwenye sufuria, wala uwiano hautalimaliza. Mpishi apike upya kwa methanoli na kichocheo, kisha aoshe na kukausha.

Kwa walio na mafuta mengi ya namna hii, kuna njia ya kuyachuja: pipa linalazwa kwenye baridi siku mbili, kisha ya juu yananyonywa taratibu na kuacha mashapo. Inafanya kazi kwa vumbi hili. Kwa nta ya mawese yenyewe hasara ni kubwa. Nilipoijaribu, sehemu iliyobaki chini ilikuwa nyingi mno hata sikuona faida.

## Hatua ya 6: Dawa, na inachoweza

Chupa nyingi za dawa ya nta zimelaumiwa bure, na nyingine zimesifiwa bure. Zote kwa sababu mnunuzi alidhani dawa inayeyusha nta. Haiyeyushi.

Ndani yake kuna molekuli ndefu zenye sehemu inayofanana na nta na sehemu isiyofanana. Nta inapoanza kujipanga, ile sehemu inayofanana inaingia kwenye safu kama fito mwenzao. Ile isiyofanana inabaki imechomoza nje na kuzuia wengine kusogea. Badala ya vigae vikubwa vinavyoshikana, unapata sindano ndogondogo nyingi sana. Sindano hizo hulala juu ya filta kama majani makavu juu ya wavu: zipo, lakini mafuta yanapenya katikati yake.

Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili. La kwanza, dawa lazima iwemo kabla safu haijaanza. Ukiimimina kwenye mafuta yaliyokwisha kuwa meupe, imefika kwenye harusi baada ya sahani kuoshwa. Mimina wakati mafuta yana angalau nyuzi 5 juu ya kiwango chake cha ukungu. Kwa usalama, mchana, mafuta yakiwa na joto la nyuzi 20.

La pili, kiwango cha ukungu hakibadiliki sana. Ukirudia Hatua ya 3 ukiwa na dawa, utaona weupe kwenye joto karibu lile lile na kudhani umeibiwa. Kipimo sahihi ni cha karatasi. Andaa chupa mbili za mchanganyiko mmoja, moja ikiwa na dawa. Zipoze zote nyuzi 2 chini ya kiwango cha ukungu, na ziache hapo nusu saa. Funeli na karatasi ya kahawa navyo viwe vimelala kwenye friji. Mimina haraka. Isiyo na dawa hudondoka, hudondoka, kisha hukatika huku karatasi ikiwa imefunikwa na utando. Yenye dawa hupita polepole lakini hadi mwisho.

Zikikatika zote mbili, dawa hiyo haiyawezi mafuta yako. Hutokea sana biodizeli ya mawese inapozidi robo ya mchanganyiko, maana nta ni nyingi kuliko molekuli za kuivuruga. Kuongeza dozi maradufu hakusaidii. Punguza biodizeli.

Kipimo fuata lebo. Ikisema mililita 1 kwa lita 1, tangi la lita 50 linataka mililita 50, na chupa ya kunyonyeshea inafaa hapo kuliko kifuniko cha soda. Dawa yenyewe huwa nzito. Ikiwa baridi iweke mfukoni au kwenye maji ya vuguvugu kwanza, la sivyo inazama kama asali na kukaa chini.

## Hatua ya 7: Kuchanganya kwenyewe

Changanya mchana, na kama unaweza, Nakuru mjini au chini zaidi kabla ya kupanda. Biodizeli iwe angavu kabisa inapoingia. Ikiingia na vigae, vigae hivyo vinakuwa mbegu na vinaita vingine.

Tia dizeli kwanza, kisha biodizeli juu yake. Lita moja ya biodizeli ina uzito wa gramu 880 hivi, dizeli gramu 840 hivi. Ukianza na biodizeli inabaki chini ya pipa, na mdomo wa bomba la trekta uko huko huko chini. Utadhani una B10 kumbe injini inanywa kitu kingine. Zungusha kwa pampu ya mkono dakika 10, au vingirisha pipa lililofungwa vizuri huku na huko.

Kupima kama yamechanganyika, chota chupa moja kutoka juu na moja kutoka chini, ziweke mbele ya dirisha. Rangi ziwe moja. Kisha pima ukungu wa ile ya chini tu. Ikilingana na namba ya mezani kwa tofauti ya nyuzi moja, funga pipa na uandike tarehe na uwiano kwa wino usiofutika. Mapipa mawili yanayofanana bila maandishi yamewahi kunigharimu siku nzima.

Biodizeli pia husafisha. Tangi kuukuu lililokuwa likinywa dizeli miaka 20 lina masizi ukutani, na biodizeli itayang'oa. Kwa hiyo filta ya kwanza inaweza kuziba kwa weusi, si kwa weupe. Badilisha, endelea.

## Hatua ya 8: Trekta imekwisha kukwama

Acha stata. Kila unapoizungusha, pampu ya injekta inazunguka karibu kavu, na betri ya asubuhi ya baridi haina nguvu ya kupoteza.

Sukuma trekta juani kama jua lipo. Zungushia gunia au kitambaa kizito kwenye filta na bomba, kisha mimina maji ya moto juu ya kitambaa, taratibu, tena na tena, dakika 10 hadi 15. Kitambaa kinashikilia joto. Maji matupu yanateleza na kwenda chini. Maji yasiingie kwenye kifuniko cha tangi. Moto wa kuni chini ya tangi, tochi ya gesi, karatasi inayowaka: hapana, hata kama jirani alifanya na hakulipuka.

Wakati huo mtu mwingine aongeze dizeli ya kituo tangini kwa hesabu ya Hatua ya 4. Nta iliyokwisha kujitenga haitoweki kwa kumwagiwa dizeli baridi, inahitaji joto pia. Kwa hiyo ingiza dizeli iliyolala ndani ya nyumba, si ile ya jerikeni iliyokuwa nje usiku.

Toa filta iliyoziba. Jaza mpya kwa dizeli angavu kabla ya kuifunga, ili usiwe na hewa nyingi ya kutoa. Legeza skrubu ya hewa, piga pampu ya mkono hadi mafuta yatoke bila povu, kaza.

Sasa washa. Iache ingurume bila kazi dakika 10 huku ukisikiliza. Mlio ukiwa mmoja, bila kupanda na kushuka, mafuta yanafika. Mlio ukianza kuhema, zima mara moja na umwagie filta maji ya moto tena. Bado kuna nta kwenye bomba kati ya tangi na filta, mahali ambapo wengi husahau kupasha.

Ikishapata moto na kulima nusu saa, mafuta ya ziada yanayorudi kutoka kwenye injini yakiwa na joto yatapasha tangi lenyewe. Jioni, kabla ya kuzima, fungua koki iliyo chini ya filta na uchote nusu glasi. Ilaze nje usiku huo karibu na trekta. Alfajiri imulike kwa tochi kabla hujagusa ufunguo. Ikiwa angavu, washa. Ikiwa na ukungu, ongeza lita nyingine 10 za dizeli na usubiri jua.